Goma: Mita inaonyesha volti 6, lakini redio ya volti 6 inaungua

Mita ya fundi inaonyesha volti 6. Mwenye nyumba anafurahi, anaunganisha redio yake ya volti 6, na muda si mrefu harufu ya kuungua inatoka ndani. Mita haikudanganya. Shida iko katika kile kisanduku kidogo chenye kitufe cha kuzungusha, ambacho baadhi ya wakaaji wa Goma na Bukavu wanaotumia umeme wa jua wanakifunga kati ya batri na taa au feni. Juu yake mara nyingi kumeandikwa herufi tatu: PWM.

Wengi wanafikiri kisanduku hicho kinapunguza volti, kama mtu anayefunga bomba la maji nusu. Sivyo. Ndani yake mna transista inayofanya kazi ya swichi: inawasha na kuzima, inawasha na kuzima, mamia ya mara kwa sekunde. Ikiwasha, volti zote 12 za batri zinapita. Ikizima, hakuna kinachopita. Kitufe hakigusi volti, kinabadili tu muda wa kuwasha ukilinganishwa na muda wa kuzima.

Tuseme swichi inafanya mizunguko 500 kwa sekunde. Kila mzunguko unachukua elfu mbili za sekunde. Ikiwaka elfu moja na kuzima elfu moja, wastani ni nusu ya volti 12, yaani 6. Wastani huo ndio mita ya kawaida inaousoma. Lakini volti 6 zenyewe hazipo kwenye waya hata kidogo: kuna 12 au sifuri. Redio inapigwa na 12, na kapasita yake ya kuingilia inajaa kuelekea kilele hicho.

Basi, ni nani anayefanya wastani? Katika taa, ni jicho. Ampuli za LED zinawaka na kuzima pamoja na swichi, lakini jicho halifuati kasi hiyo, linaona mwanga mmoja uliopungua. Hapa ndipo njia hii inashinda. Utepe wa LED wa volti 12 kwa kawaida una LED tatu tatu zilizofuatana, na LED nyeupe tatu zinahitaji karibu volti 9 ndipo ziwake vizuri. Ukiupatia volti 6 za kweli hutapata nusu ya mwanga, utapata giza. Kwa mapigo ya volti 12, kila mara zinawaka sawasawa, ila kwa muda mfupi.

Batri nayo inapumua. Utepe wa wati 12 unakula ampea moja. Ukiwashwa robo ya muda, wastani unakuwa robo ya ampea. Batri ya risasi ya ampea-saa 20, ikitumiwa hadi nusu tu ili isiharibike mapema, ingeuwasha saa 10 kwa nguvu zote, au karibu saa 40 kwa robo. Na jicho haliioni robo hiyo kama robo: chumba kinaonekana kuwa na karibu nusu ya mwanga wa mwanzo.

Katika feni, kinachosawazisha ni koili ya mota, ambayo haikubali mkondo ubadilike ghafla, pamoja na uzito wa mapanga yanayoendelea kuzunguka. Zamani fundi angefunga rezista. Lakini rezista ikibakiza volti 6 kati ya 12, nusu ya umeme wote unaotoka kwenye batri inageuka joto bure. Swichi iliyofungwa au kufunguliwa kabisa inapoteza kidogo sana.

Koili hiyo hiyo ndiyo inayoua visanduku vya bei nafuu. Swichi ikizima, koili inasukuma mkondo uendelee, na volti zinapanda ghafla hadi kuchoma transista. Dawa yake ni diodi inayofungwa sambamba na mota, mstari wake ukielekea upande wa chanya, ili mkondo uzunguke humo. Ikigeuzwa, inakuwa njia fupi kati ya nyaya mbili za batri na kitu kitaungua palepale.

Feni ikipiga mluzi, mapigo yako katika kiwango ambacho sikio linasikia. Kisanduku chenye mapigo kama 20 000 kwa sekunde hakisikiki. Ikinguruma bila kuzunguka, wastani ni mdogo mno kuianzisha: zungusha kitufe hadi mwisho, ianze, kisha urudishe polepole.

Kwa taa, jaribio ni rahisi zaidi. Elekeza kamera ya simu kwenye mwanga uliopunguzwa. Mistari myeusi ikipita kwenye kioo, mapigo yako hapo, hata kama jicho haliyaoni. Na kabla ya kuunganisha kifaa kingine, zungusha kitufe huku mita ikiwa imefungwa: namba ikipanda na kushuka kati ya sifuri na 12, redio isiguse waya huo.