Mwezi wa Tatu Usio Machi

Tarehe za sikukuu katika matangazo ya Kichina na Kiviet mara nyingi hufuata kalenda ya mwezi. Kila mwezi huanza siku ya mwezi mpya, nayo siku hiyo hupatikana kwa hesabu za falaki, si kwa kuandama kunakoonwa kwa macho. Miezi 12 ya aina hii ni pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi wa 13. Kwa sababu hiyo sikukuu hizi husogea huku na huko, lakini hazizunguki majira yote kama Ramadhani.

Chukua tangazo la Vietnam kuhusu kumbukumbu ya wafalme wa Hung, lenye maandishi "10/3 ÂL". Herufi hizo mbili za mwisho ni kifupisho cha kalenda ya mwezi. Mfasiri akiandika "tarehe 10 mwezi wa tatu", msomaji wa Kiswahili atajua ni Machi 10, maana ndivyo Machi inavyoitwa kila siku. Mwaka 2026, mwezi wa tatu wa kalenda hiyo unaanza Aprili 17, na siku yake ya 10 ni Aprili 26. Tafsiri salama ni "Jumapili, Aprili 26, 2026 (siku ya 10 ya mwezi wa 3 kwa kalenda ya mwezi)". Tarehe ya kawaida itangulie, kwani ndiyo itakayomfikisha mtu kwenye sherehe.

Kuhesabu miezi kwa vidole hakutoshi. Mwaka 2025 mwezi wa sita ulirudiwa kuanzia Julai 25. Aliyeusahau alipata Septemba 6 kuwa siku ya 15 ya mwezi wa nane, yaani sikukuu ya katikati ya vuli, ilhali ilikuwa Oktoba 6. Mwezi uliorudiwa huandikwa kwa alama 闰 katika Kichina na neno nhuận katika Kiviet; tafsiri isiiache.

Jedwali nalo liwe la nchi husika. Mwaka 2007 mwezi mpya ulitokea saa 5:14 usiku wa Februari 17 kwa saa za Hanoi, lakini Beijing, iliyo mbele kwa saa moja, ilikuwa tayari Februari 18. Wavietnam wakaanza mwaka siku moja kabla ya Wachina.

Mwezi wa 12 unahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa kwa kawaida huvuka hadi Januari au Februari. Siku yake ya 23, Wavietnam wanapowaaga miungu wa jikoni, iliangukia Januari 22, 2025, nao ulikuwa bado mwaka wa Joka ulioanza 2024. Mfasiri akiihesabu katika mwaka wa Nyoka, ulioanza Januari 29, 2025, atapata Februari 10, 2026, zaidi ya mwaka mzima baadaye.