Zima Simu Kwanza: Tangazo la Bidhaa Mbovu Linavyopaswa Kuandikwa

Tarehe 2 Septemba 2016, mkuu wa kitengo cha simu cha Samsung, Koh Dong-jin, aliwaita waandishi wa habari jijini Seoul na kuwaambia kwamba simu mpya ya kampuni hiyo, Galaxy Note 7, inasimamishwa kuuzwa. Simu ilikuwa na majuma mawili tu sokoni. Kampuni ilikuwa imepokea taarifa 35 za simu zilizopata moto kupita kiasi au kuungua, na tatizo lilionekana kutoka kwenye betri. Simu zipatazo milioni 2.5 zilihusika, na kila aliyenunua aliahidiwa kubadilishiwa yake katika majuma yaliyofuata.

Kampuni haikuficha wala haikusubiri kushtakiwa, na kwa hilo inastahili sifa. Lakini tangazo lenyewe lilikuwa na pengo kubwa: lilieleza kampuni itafanya nini, halikumweleza mwenye simu afanye nini usiku ule. Aliyezoea kuichomeka chaji kando ya kitanda na kulala hakuwa amekatazwa. Ilipita wiki nzima, hadi tarehe 9 Septemba, ndipo Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani ilipowaambia watu waziwazi: zimeni simu, msizichaji, msizitumie. Tarehe 15 tume hiyo ilitoa tangazo rasmi la kurudisha simu zote zilizouzwa nchini humo kabla ya siku hiyo, takriban milioni 1. Kufikia hapo Marekani peke yake ilikuwa na taarifa 92 za betri kupata moto kupita kiasi. Watu 26 walikuwa wameungua, na katika matukio 55 mali iliharibika.

Tangazo la kurudisha bidhaa lina kazi tatu: kumwambia mteja kilichoharibika, kumwambia ajilinde vipi, na kumwambia atapata wapi haki yake. Mkasa wa Note 7 unaonyesha kila kazi hufanywaje, na ikifanywa vibaya hutokea nini.

Hatari kwanza, habari baadaye

Mtu hulisoma tangazo la namna hii akiwa na haraka, mara nyingi kwenye kipande cha habari alichotumiwa na ndugu. Huenda asifike aya ya pili. Kwa hiyo sentensi ya kwanza iwe ni amri ya kufuata hapo hapo, na iwe amri moja isiyo na shaka. Kwa Note 7 ilikuwa: zima, usichaji, usitumie. Maneno kama “tunathamini usalama wa wateja wetu” au “kwa tahadhari tu” hayana kazi mahali pale. Yanamfanya msomaji adhani jambo ni dogo, na mwenye simu ya bei kubwa inayofanya kazi vizuri anatafuta sababu yoyote ya kuendelea kuishika.

Kinachofuata ni alama ya kuitambua bidhaa. Mteja anataka kujua jambo moja: je, yangu imo? Simu inatambulika kwa namba yake ya IMEI, ambayo Watanzania wengi waliifahamu mwaka huohuo wa 2016, wakati Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia mwezi Juni na kila mtu akawa anabonyeza *#06# kuangalia yake. Wenye Note 7 nao waliambiwa wahakiki IMEI zao. Simu za kubadilishia zilipotoka zilipewa alama mbili zaidi. Kibandiko cha boksi kilikuwa na mraba mdogo mweusi, na alama ya betri juu ya kioo iliwekwa rangi ya kijani badala ya nyeupe. Hiyo ni alama nzuri, kwa sababu hata mtoto anaiona, na mhudumu wa ndege anaweza kuikagua kwa jicho.

Kasoro ielezwe kwa lugha ya mwenye bidhaa

Ndani ya betri ya lithiamu kuna karatasi mbili nyembamba za madini, moja upande wa chanya na nyingine upande wa hasi, zikiwa zimetenganishwa na utando mwembamba sana. Zote huviringishwa pamoja kama mkeka, kisha hufungwa ndani ya mfuko. Utando ule ukitoboka au ukibanwa, pande mbili hugusana, umeme hupita njia ya mkato, na joto huzidi kupanda mpaka betri inawaka. Tangazo halihitaji kusema yote hayo. Linatosha likisema: “Betri inaweza kushika moto hata simu ikiwa haipo kwenye chaji.” Maneno hayo machache ya mwisho ndiyo yanayobadilisha mwenendo wa msomaji, maana bila hayo atadhani kuchomoa chaja kunatosha.

Lakini kuna sharti: ukitaja chanzo, uwe umekithibitisha. Hapa ndipo Samsung ilipojikwaa vibaya. Betri za Note 7 zilitoka kwa watengenezaji wawili. Simu zilizoungua mwanzoni zilikuwa na betri za mmoja wao, hivyo kampuni ikaamua kwamba tatizo ni la mtengenezaji huyo. Simu za China, zilizotumia betri za yule wa pili, hazikuingizwa kwenye tangazo la kwanza, na betri za huyo wa pili ndizo zilizowekwa kwenye simu za kubadilishia.

Tarehe 5 Oktoba 2016, katika uwanja wa ndege wa Louisville huko Marekani, abiria mmoja alizima simu yake kabla ya ndege kuondoka, kama alivyoelekezwa. Simu ikaanza kutoa moshi, na abiria wote wakashushwa. Ilikuwa simu ya kubadilishia, iliyochukuliwa dukani majuma mawili kabla. Taarifa nyingine zikafuata. Tarehe 11 Oktoba Samsung ilitangaza kuacha kabisa kuitengeneza Note 7, na siku mbili baadaye tangazo la Marekani lilipanuliwa hadi simu milioni 1.9, zile mpya zikiwemo.

Uchunguzi uliotolewa Januari 2017 ulionyesha kwamba betri zote mbili zilikuwa na kasoro, kila moja ya aina yake. Katika ile ya kwanza, pembe ya juu ya mviringo ilibanwa hadi karatasi ya upande wa hasi ikapinda. Katika ile ya pili, sehemu zilizochomelewa zilibaki na ncha kali zilizoweza kutoboa utando, na baadhi ya betri hazikuwa na utepe wa kuhami. Wachunguzi walikuwa wamejaribu simu zaidi ya 200,000 na betri 30,000. Kazi hiyo haikuwa imefanyika wakati wateja walipoambiwa mwezi Septemba kwamba alama ya kijani ni usalama.

Ndiyo maana ni heri kuandika “chanzo bado kinachunguzwa, acheni kutumia zote” kuliko kutaja chanzo kisichothibitishwa. Tangazo la kwanza likikosea, la pili halina wa kuliamini.

Fidia iwe rahisi kuliko kubaki na bidhaa

Kampuni nyingi huandika sehemu hii kwa kujibana: rudi na risiti, subiri siku kadhaa, jaza fomu. Kila kikwazo kinaacha bidhaa kadhaa mbovu majumbani mwa watu. Katika tangazo la Oktoba, mwenye Note 7 alipewa hiari mbili: kurudishiwa fedha zake zote au kuchukua simu nyingine, pale pale aliponunua. Waliotaka simu nyingine ya kampuni hiyo waliongezewa kiasi fulani.

Namna ya kurudisha nayo ni sehemu ya usalama. Betri mbovu haipelekwi kwa ndege, wala haitumwi kiholela kwenye basha la posta. Wateja wa Marekani walipelekewa boksi maalumu lenye tabaka kadhaa, lililotandikwa ndani kitambaa kisichoshika moto, pamoja na glovu na maandishi yanayoagiza lisafirishwe kwa njia ya ardhini tu. Tangazo lisilosema bidhaa ifungwe na kusafirishwa vipi linahamisha hatari kutoka kwa mteja kwenda kwa mbeba mizigo.

Bado kuna watakaopuuza. Kwa hao Samsung ilituma marekebisho ya programu yaliyopunguza kiwango cha kuchaji, na mwezi Desemba yakaja yaliyozuia simu kuchaji kabisa nchini Marekani. Kufikia Januari 2017, zaidi ya simu milioni 3 zilikuwa zimeuzwa kwa wateja duniani, na takriban asilimia 96 zilikuwa zimerudi. Ni kiwango cha juu mno, na kilitokana na mambo ambayo bidhaa nyingine hazina: simu inaweza kutumiwa ujumbe ikiwa mkononi mwa mwenyewe, na mashirika ya ndege yalikuwa yameikataza. Mtengenezaji wa jiko la gesi hana njia hiyo. Atategemea redio, bango dukani na namba za simu za wateja alizoandika siku ya kuuza.

Tangazo lenyewe

Yote haya yanaingia kwenye ukurasa mmoja. Kama tangazo lile la Oktoba lingeandikwa kwa Kiswahili kwa kufuata mpangilio huu, lingesomeka hivi:

ZIMA SIMU YAKO YA GALAXY NOTE 7 SASA. Usiiwashe na usiichaji.
Zipi: Note 7 zote, pamoja na ulizobadilishiwa na zenye alama ya betri ya kijani.
Hatari: betri inaweza kushika moto hata simu ikiwa imezimwa.
Fanya hivi: iweke mbali na godoro, nguo na watoto. Usipande nayo ndege. Usiitupe kwenye taka.
Haki yako: fedha zote au simu nyingine, bila malipo, uliponunua. Ukiwa mbali, piga namba yetu ya bure tukuletee boksi la kurudishia.
Ikianza kuvimba, kunuka au kutoa moshi: usiishike. Ondoka, waondoe wengine, piga simu zimamoto.

Hakuna sifa za kampuni humo, wala maelezo ya kiwandani. Radhi inaweza kuwekwa mwishoni, kwa sentensi moja.

Ukiona tangazo la bidhaa unayotumia na halikuambii ufanye nini leo, usisubiri lifafanuliwe. Chomoa, zima au acha kutumia, tunza kifaa na risiti yake, kisha uliza ulikonunua. Muuzaji akikuzungusha, peleka malalamiko Shirika la Viwango la nchi yako, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, ukiwa na jina la bidhaa, namba ya toleo na picha ya kibandiko. Na kama umekwisha kumuuzia au kumpa mwingine kifaa hicho, mpigie leo umjulishe.