Blogu inasomeka kwenye simu, lakini Google inaiona tupu: shida iko wapi?

Kijana mmoja jirani yetu hapa Barumbu anaandika blogu juu ya safari za mtoni: baleniere gani inashuka Isangi, siku gani inaondoka, nauli ngapi, mizigo inapimwa namna gani. Ni habari ambayo mama muuzaji anaitafuta kabla ya kufunga magunia yake. Lakini ndugu yake aliye Bunia alipoitafuta kwenye Google, hakupata kitu. Hata alipoandika sentensi nzima ya makala ndani ya alama za kunukuu, jibu lilikuwa sifuri. Na blogu iko, kila mtu anaisoma kwenye simu.

Tulikaa naye jioni moja kuangalia shida iko wapi. Makala zake hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye sura ya blogu, kile kiolezo alichokichukua bure kwenye intaneti juu kilikuwa kizuri: picha zinateleza, makala zinajitokeza pole pole ukishuka chini.

Tuelewe kwanza ukurasa unafika namna gani. Ukifungua anwani, kompyuta inayohifadhi blogu inakutumia maandishi ya HTML. Kwa kiolezo cha kawaida, makala nzima iko ndani ya maandishi hayo. Kwa kiolezo kama cha jirani yetu, unatumiwa sanduku tupu pamoja na skripti. Skripti ndiyo inarudi tena kuchukua makala na kuyachora ndani ya sanduku. Ni kama mtu anakuletea sahani tupu mezani, halafu anaenda jikoni kutafuta chakula.

Wewe msomaji huoni tofauti, juu simu yako inaendesha skripti. Roboti ya Google nayo inaweza kuiendesha, lakini si palepale. Kwanza inasoma HTML ilivyofika, kisha ukurasa unapanga foleni ya kuchorwa baadaye. Kama skripti imewekwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na siku ile imelala au inakataza roboti, hakuna kitakachochorwa. Roboti nyingine nyingi haziendeshi skripti kabisa. Tena kuna jambo moja ambalo hata roboti ya Google haifanyi: haibonyezi vitufe, wala haiteremshi ukurasa kwa kidole kama sisi.

Namna ya kupima ni rahisi, hata kwa simu ya Android. Fungua makala moja kwenye Chrome, kisha mbele ya anwani yake andika `view-source:` bila kuacha nafasi. Utaona maandishi ya HTML jinsi yalivyotumwa. Sasa tafuta ndani yake maneno matano au sita ya makala yako. Chagua sentensi ya katikati, juu ile ya kwanza mara nyingi inarudiwa kwenye maelezo mafupi ya ukurasa na inaweza kukudanganya. Epuka pia maneno yenye alama ya ', kwa sababu ndani ya HTML inaweza kuandikwa kwa namna nyingine.

Kwa jirani yetu tulitafuta maneno ya katikati ya makala ya Isangi. Hayakuwemo. Mahali pake tulikuta hivi tu:

```
<div id="makala"></div>
<script src="https://example.com/kiolezo.js"></script>
```

Hapo tulijua. Blogu yake iko kwenye Blogger, na Blogger inaruhusu kubadilisha kiolezo mwenyewe. Kabla ya kugusa chochote, tulihifadhi nakala ya kiolezo chote, ili kama tumeharibu turudi tulipotoka. Kisha ndani ya sehemu inayoonyesha makala, tulitoa lile sanduku tupu na kuweka maneno ambayo Blogger yenyewe inayajaza kabla ya kutuma ukurasa:

```
<h2><a expr:href='data:post.url'><data:post.title/></a></h2>
<div><data:post.body/></div>
```

Mstari wa kwanza unaleta kichwa cha makala pamoja na kiungo chake. Wa pili unaleta makala yenyewe. Baadaye tulifuta mstari wa skripti ya zamani. Tungeiacha, ingeendelea kwenda kuchukua makala ambayo tayari yamefika. Skripti ya kuteleza picha tuliibakiza, juu hiyo ni pambo tu: ikikosa kufika, maneno yanabaki.

Kazi ilikuwa bado, juu ya viungo. Kwenye ukurasa wa mwanzo, makala zilizopita zilikuwa zinafunguliwa hivi:

```
<div onclick="fungua(27)">Safari ya Isangi</div>
```

Kwa kidole inafunguka vizuri. Kwa roboti, hayo ni maneno tu, hayaendi popote. Roboti inafuata kiungo kimoja tu: alama ya `<a>` yenye `href` na anwani halisi ndani yake. Na anwani isiwe ile inayotofautiana na nyingine baada ya alama ya `#` tu, kwa sababu kwa kawaida Google haihesabu kinachofuata alama hiyo, na makala zote zitaonekana kama ukurasa mmoja.

Kuna mtego mwingine hapa. Kwa kawaida, kiungo cha Blogger cha kwenda makala za zamani kinapita kwenye anwani inayoanza na `/search`, na faili la `robots.txt` la Blogger linakataza roboti kuingia humo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na viungo safi kabisa, na bado makala zake za mwaka jana hazifikiwi kwa njia hiyo. Dawa ni kuweka orodha ya kumbukumbu ya kila mwezi pembeni mwa ukurasa. Anwani zake zinafanana na `/2024/05/`, na hizo hazikatazwi. Ongeza pia viungo ndani ya makala zenyewe: makala ya Isangi itaje ya Yangambi, na ya Yangambi itaje ya Isangi.

Wengine wanashauri njia ya mkato: kuficha maandishi ambayo roboti peke yake inayaona, na msomaji anaonyeshwa kitu kingine. Musifanye hivyo. Google inahesabu huo ni udanganyifu, na inaweza kuiondoa blogu nzima kwenye majibu yake. Kinachotumwa kwa roboti kiwe kilekile kinachosomwa na mtu.

Ukimaliza, rudia kipimo cha `view-source:`. Maneno ya katikati ya makala lazima yaonekane, na kila kichwa kiwe na `href` yake. Kisha ndani ya Google Search Console ingiza anwani ya makala, omba isomwe upya, na usubiri. Inaweza kuchukua siku chache, hata majuma. Kuonekana pia si kuwa wa kwanza kwenye orodha. Hilo linategemea mambo mengine.

Faida moja haikungoja Google. Kwa mtandao wetu, ukurasa unaotegemea skripti unaweza kubaki mweupe muda mrefu huku mega zinakwisha. Sasa mtu aliye kando ya mto na vibano viwili vya mtandao anapata nauli ya Isangi kwanza, picha zinakuja nyuma.