Alama ya Kuingia Asilimia Kumi ya Juu

Pale ufaulu wa juu kabisa unapotolewa kwa asilimia 10 ya kwanza ya darasa, hakuna alama iliyopangwa kabla ya mtihani. Katika darasa la wanafunzi 60 nafasi ni sita, na alama inayohitajika ni ile aliyoipata mwanafunzi wa sita. Mtihani ukiwa mgumu, alama 65 zinaweza kutosha. Ukiwa mwepesi, hata 78 zikaachwa nje. Kwa hiyo alama hiyo hukadiriwa tu, kwa kutazama matokeo ya miaka iliyopita.

Orodha kamili za matokeo zikipatikana, kazi ni rahisi. Alama za kila mwaka hupangwa kuanzia ya juu, kisha huhesabiwa hadi nafasi ya mwisho ya asilimia 10. Kila mwaka uhesabiwe peke yake, kwa sababu kuchanganya miaka yote katika orodha moja huficha tofauti za ugumu wa mitihani.

Mara nyingi hujulikana wastani tu pamoja na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika kuzunguka wastani. Ikiwa wengi wamekusanyika karibu na wastani na wachache wako pembeni kwa uwiano pande zote mbili, mpaka wa asilimia 10 ya juu hupatikana kwa kanuni hii:

alama = wastani + 1.28 × mkengeuko sanifu

Mathalani, wastani ukiwa 58 na mkengeuko 10, jibu ni 70.8, yaani karibu 71. Lakini kama katika miaka mitatu wastani ulikuwa 55, 58 na 61, huku mkengeuko ukibaki 10, mpaka ulikuwa takriban 68, 71 na 74. Kadirio la haki basi ni kati ya 68 na 74, wala si 71 peke yake. Hata wastani usipobadilika, katika darasa la watu 60 alama ya mtu wa sita inaweza kupanda au kushuka kwa alama mbili au zaidi kwa bahati tu. Darasa likiwa dogo, myumbo huo huongezeka.

Kanuni hiyo haifai pale alama zinaporundikana upande mmoja. Wastani wa 80 na mkengeuko wa 18 hutoa 103, alama isiyowezekana katika mtihani wa 100. Jibu la namna hiyo ni dalili kwamba wengi wamefaulu sana huku wachache wakianguka vibaya, na hapo lazima kurudi kwenye orodha na kuhesabu.

Anayetaka kuwa na uhakika zaidi asilenge mpaka wa kati. Katika mfano huu, alama 71 zingemfikisha mtu mpakani katika mwaka wa kawaida na kumwacha nje katika mwaka mwepesi. Lengo la busara ni 76 au zaidi.