Kupima kanuni za bei ya shaba bila kujidanganya (Sehemu ya Tatu)

Kanuni ya kiashiria hupimwa kwa kuipitisha kwenye bei zilizokwisha kutokea, siku baada ya siku, ili ijulikane ingeleta faida au hasara gani. Kanuni itakayotumika hapa ni ileile ya sehemu iliyopita: kununua shaba pale bei yake katika Soko la Metali la London (LME) inapopanda juu ya wastani wa siku 50, na kutoka inaposhuka chini yake. Hesabu yenyewe kompyuta huimaliza kwa mistari mitatu. Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba kompyuta haipewi habari ambayo mnunuzi hakuwa nayo siku ile.

Kosa hilo huanzia kwenye saa. Bei rasmi ya LME hupatikana London mchana, kwenye saa saba hivi. Kolwezi iko mbele ya London kwa saa mbili majira ya baridi ya Ulaya, na kwa saa moja majira yao ya joto. Kwa hiyo mwenye depo hapa Kapata au kule Musompo hawezi kuijua bei rasmi ya leo kabla ya saa nane au saa tisa alasiri. Mzigo alioununua saa nne asubuhi aliupangia bei kwa kutazama London ya jana. Katika jedwali, hata hivyo, mzigo na bei hubeba tarehe moja, na anayepima huviunganisha bila kushtuka. Bei za merkuriali zinazotangazwa na wizara ya biashara ya nje zina mtego wa aina hiyo: kila bei hutolewa kwa kipindi cha siku kadhaa. Bei ya kipindi ihesabiwe kuanzia siku ilipotangazwa, hata kama karatasi inataja tarehe ya mapema zaidi.

Ukubwa wa kosa huonekana kwa mfano wa siku nne, wenye bei za kubuni. Wastani wa siku 50 uko karibu na dola 9,100 kwa tani. Jumatatu bei ni 9,000, Jumanne 9,300, Jumatano 9,360, Alhamisi 9,390. Ishara ya kununua inawaka Jumanne. Mpimaji asiye mwangalifu huzidisha ishara ya Jumanne kwa mabadiliko ya bei ya Jumanne hiyohiyo, na hivyo kuiandikia kanuni dola 300 zilizopatikana kabla ishara haijawaka. Hadi Alhamisi anaonyesha faida ya dola 390 kwa tani. Dawa inayojulikana ni kuisogeza ishara mbele kwa siku moja:

```
ishara = (bei > bei.rolling(50).mean()).astype(int)
nafasi = ishara.shift(1)
faida = nafasi * bei.diff()
```

Faida sasa inashuka hadi dola 90. Wengi huishia hapo, ilhali kosa halijaisha lote. `shift(1)` inachukulia kwamba mnunuzi alipata shaba kwa 9,300, yaani kwa bei ileile iliyowasha ishara, wakati bei hiyo ilijulikana baada ya kupita. Kama bei moja tu kwa siku ndiyo iliyopo kwenye data, ununuzi wa haki ni ule wa Jumatano kwa 9,360, nayo `shift(2)` ndiyo inayousema. Faida iliyobaki ni dola 30. Kanuni ni ile, bei ni zile, na majibu ni matatu. Kanuni ambayo faida yake inayeyuka kwa kucheleweshwa siku moja haikuwa na nguvu tangu mwanzo.

Kwenye dola hizo 30 bado hakuna gharama iliyotolewa. Mkataba mmoja wa shaba LME ni tani 25, yaani dola 234,000 kwa bei ya Jumatano. Tuseme pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, pamoja na kamisheni ya dalali, ni dola 15 kwa tani kwa safari nzima ya kuingia na kutoka. Nusu ya faida imekwenda. Kanuni ikiingia na kutoka mara 12 kwa mwaka, gharama ni dola 180 kwa tani, karibu asilimia 2 ya bei. Ndiyo maana wastani wa siku chache, ambao kwenye mchoro huonekana hodari kwa kuwahi kila mgeuko, huanguka wa kwanza gharama zinapoingizwa: unafanya biashara mara nyingi mno. Njia nzuri ya kupima ni kuongeza gharama kidogo kidogo hadi faida iwe sifuri, kisha kulinganisha kiwango hicho na kile dalali anachotoza kweli.

Mnunuzi wa madini ana hesabu nyingine kabisa. Hawezi kuuza asichokuwa nacho, kwa hiyo kanuni yoyote inayopata faida bei ikishuka haimhusu. Kwake ishara ya kuuza ina maana moja tu: kuharakisha kutoa mzigo. Tena mzigo hukatwa kwa unyevu na kwa kiwango cha madini kabla bei ya London haijaguswa, na makosa madogo ya upimaji wa kiwango yanaweza kuzidi faida yote ya kiashiria.

Kosa la tatu hutokana na bidii. Mtu hajaridhika na siku 50, basi anajaribu wastani wawili: mfupi wa siku 5 hadi 50 kwa hatua za 5, na mrefu wa siku 60 hadi 200 kwa hatua za 10. Hiyo ni jozi 150. Hata kama hakuna jozi yenye uwezo wowote, kipimo kinachokubali bahati moja katika 20 kitapitisha saba au nane, na bora kati yao itapendeza sana. Imefanya kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana. Kuitambua si vigumu: hutazamwa majirani zake. Ikiwa jozi ya 35 na 110 inaleta faida kubwa, huku 30 na 110 na 40 na 110 zinaleta hasara, hakuna sababu yoyote ya kiuchumi inayoweza kulieleza hilo. Kanuni yenye maana hufa polepole unapoisogeza.

Ulinzi mwingine ni kugawa data kwa wakati: kuchagua kwa miaka ya 2010 hadi 2017, kisha kupima kwa 2018 hadi 2024, mara moja tu. Siku zisichanganywe ovyo kabla ya kugawa, kwa sababu wastani wa siku 50 hubeba bei za jirani zake na habari huvuja kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Anayerudi kubadilisha kanuni baada ya kuona jibu la kipindi cha pili amekwisha kukitumia, na sasa anahitaji data mpya.

Hata kanuni isiyokaririshwa inaweza kutegemea tukio moja. Mwaka 2008 shaba ilianguka kutoka zaidi ya dola 8,500 mwezi Julai hadi chini ya 3,000 mwezi Desemba, na hapa Katanga, kama jimbo lilivyokuwa likiitwa, depo na viwanda vingi vilifungwa. Karibu kanuni yoyote ya wastani ilitoka mapema na kuonekana ya ajabu. Miezi hiyo sita ikiondolewa, jedwali la miaka 20 linaweza kugeuka kuwa la kawaida. Matokeo yaandikwe yote mawili, pamoja na miezi hiyo na bila hiyo.

Kobalti inaonyesha mpaka ambao hakuna `shift` inayoufikia. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wake nje, na Oktoba ikaweka mgawo. Nchi hii hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, hivyo bei ya nje ilipanda hadi zaidi ya mara mbili kabla mwaka haujaisha. Kanuni ya wastani ingeandika faida nono kwa kipindi hicho. Mwenye magunia Kolwezi aliiona bei ileile kwenye simu yake, na mzigo haukuwa na ruhusa ya kuvuka mpaka. Kwa hiyo kila safu ya jedwali inahitaji safu ya pili kando yake: siku hiyo, je, mzigo uliwezekana kuuzwa? Palipo na jibu la hapana, nafasi hubaki ilivyokuwa jana hata ishara ikibadilika, na bei inayohesabiwa ni ya siku ya kwanza ambayo mlango ulifunguliwa tena.