Maandishi mbadala na manukuu

Maandishi mbadala ni maelezo mafupi yanayofungwa pamoja na picha ya mtandaoni ili mtu asiyeona aweze kuisikia. Hayaonekani kwenye ukurasa. Husomwa kwa sauti na programu ya kusoma skrini, kama vile TalkBack ya simu za Android au NVDA ya kompyuta. Manukuu ni mwenzake upande wa viziwi: ni maandishi yanayopita chini ya video na kuonyesha kinachosemwa.

Mfano mzuri ni picha ya maghofu ya Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, ambapo kuna msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa yamejengwa kwa nguzo za mawe. Mtu akiweka picha ya hapo bila maelezo, programu mara nyingi husoma jina la faili, yaani herufi na tarakimu za kamera. Msikilizaji anajua kuna picha, basi.

Tangu mwaka 2016 Facebook imekuwa ikitunga maelezo kwa mashine pale ambapo mwenye picha hakuandika. Mashine hutambua vitu vya jumla: watu, miti, mbingu, jengo. Kwa picha ya Tongoni inaweza kusema kuna mti na mawe, nayo isiwe imekosea. Hata hivyo haijui kwamba jiwe lile refu ni nguzo ya kaburi, na hilo ndilo lililomfanya mtu apige picha. Kwa hiyo maelezo ya mashine ni afadhali kuliko kimya, lakini ni vema mwenye picha ayafute na kuandika yake. Katika Wikipedia huandikwa hivi:

```
[[File:Tongoni.jpg|thumb|alt=Nguzo ya mawe juu ya kaburi, imevunjika nchani, ina vishimo vya mviringo|Kaburi la Tongoni]]
```

Sehemu inayofuata `alt=` ni ya msikilizaji, na ile ya mwisho husomwa na wote. Zisirudiane, maana asiyeona husikia zote mbili. Vishimo vimetajwa kwa sababu ndimo mabakuli ya kigeni yalimopachikwa kama mapambo, na makala inayaeleza. Kama makala ingehusu miti ya pwani, picha hiyohiyo ingehitaji maneno mengine. Hakuna haja ya kuanza na "picha ya", kwa kuwa programu yenyewe hutangaza kwamba ni picha.

Lugha ya ukurasa nayo itajwe kwa `lang="sw"`. Bila hiyo, sauti ya Kiingereza inaweza kusoma Kiswahili kwa matamshi yake, na sentensi nzima isieleweke.

Manukuu na tafsiri

Manukuu ya mashine hutokana na sauti, na hapo upepo wa pwani ni adui wa kwanza. Adui wa pili ni majina. Mashine ikisikia "Tongoni" inaweza kuandika "tongoni" kwa herufi ndogo. Mtazamaji akiomba tafsiri ya Kiingereza, programu huanza kutafuta maana ya neno lenyewe, na tongo kwa Kiswahili ni pia uchafu wa jicho! Kosa la kusikia limekuwa kosa la kutafsiri, na kiziwi hana sauti ya kulinganisha nayo.

Saa ni hatari zaidi. Tuseme mwongozaji katika video anasema, "Boti inaondoka saa mbili asubuhi." Tafsiri ya neno kwa neno humpa msomaji wa Kiingereza saa 2 baada ya usiku wa manane, ambayo kwetu ni saa nane usiku. Boti kumbe inaondoka saa 8 ya Kizungu. Dawa ni kuandika tarakimu waziwazi katika manukuu, na kuyahariri kwa mkono kabla ya kuyatoa:

```
WEBVTT

00:00:12.000 --> 00:00:16.000
Boti inaondoka saa 2 asubuhi (08:00).
[honi ya boti]
```

Mstari wa honi si pambo. Manukuu ya viziwi hutaja pia sauti zisizo maneno, pale zinapobeba habari.

Njia rahisi ya kukagua ni kutazama video sauti ikiwa imezimwa, kisha kusikiliza ukurasa kwa TalkBack skrini ikiwa imefunikwa. Kasoro nyingi hujitokeza hapo hapo.

Kuna kikomo kimoja ambacho uhariri hauondoi. Kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye sarufi yake, na Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili waliyojifunza shuleni. Manukuu yaliyo sahihi kabisa lakini marefu na yanayopita haraka huwaacha nyuma. Kwao sentensi fupi inayokaa sekunde kadhaa, au mkalimani wa alama katika kona ya video, hufaa zaidi.