Kazi ya mara moja ipewe saa ya mara moja: amri ya `at` katika labo

Wandugu wa chama, kati yetu wengi walio na lisanse ya agronomia siku izi wanashinda mbele ya ordinatere sawa na vile wanashinda shambani. Huku Lwiro tunatumia vile vimasini vidogo vya Linuksi (Raspberry Pi) kwa kuandika joto la kabati ya kuotesha mbegu. Ni masini ya bei ndogo, inakula kuran kidogo, na inafanya kazi usiku na mchana. Karibu kila mtu anajua kuipangia kazi kwa `cron`. Lakini `cron` ni kwa kazi inayorudi-rudi. Kuna kazi ingine ambayo inaombwa mara moja tu kisha inaisha, na hiyo iko na amri yake: `at`.

Tuchukue mfano wa kweli wa kazi yetu. Mbegu za maharage zinawekwa kuota kwa nyuzi 25. Kanuni ya kupima maharage inasema: hesabu ya kwanza siku ya 5, hesabu ya mwisho siku ya 9. Hapa tuko mwanzo wa Septemba, msimu A unafunguka, na wakulima wa Katana na Kabare wanangojea kujua kama ile mbegu ni ya kupanda ao ya kupika. Kama joto la kabati halikuandikwa vizuri, namba ya uotaji haina nguvu: mtu akiuliza kama mbegu ilikuwa mbovu ao kabati ilipoa, hamuna jibu.

Sasa, Jumanne tarehe 2 Septemba 2025, saa nane mchana, mbegu zimeingia katika kabati na waya wa kipima joto umebadilishwa. Munataka kujua jambo moja: kisha masaa 48, je, ule waya mupya bado unashika? Masaa 48 yanatosha kuona usiku mbili, na bado mutabaki na siku tatu mbele ya hesabu ya kwanza ya tarehe 7. Kama kuna shida, munaweza kuanza jaribio upya bila kupoteza msimu.

Kazi inayorudi iko tayari. Kila dakika 10 masini inasoma joto na kuongeza mustari mumoja katika faili:

```
*/10 * * * * /home/labo/soma.sh
```

Hiyo ni kazi ya `cron` kabisa, haina mwisho. Mistari sita kwa saa, mara masaa 48, inafanya mistari 288. Ile namba muishike, tutairudilia.

Sasa ule ukaguzi wa Alhamisi. Wengi wataandika katika `cron`: `0 14 4 9 *`, maana yake dakika 0, saa 14, tarehe 4, mwezi wa 9. Inaonekana sawa, lakini angalieni: `cron` haina nafasi ya mwaka. Tarehe 4 Septemba 2026 ukaguzi utarudi, na 2027 pia, hata kama kabati ilisha hamishwa na faili ilisha futwa. Mwingine atasema: naongeza siku ya juma, Alhamisi, ili iwe tarehe moja tu. Anaandika `0 14 4 9 4`. Hapo njo anaharibu zaidi. Tarehe na siku ya juma zikijazwa zote mbili, `cron` haitafuti siku ambayo zinakutana. Inafanya kazi moja yao ikitimia. Basi ukaguzi utapita tarehe 4, kisha tena 11, 18 na 25, kwani zote ni Alhamisi za Septemba.

Na `at` inafanya namna hii. Kwanza ihakikishwe iko ndani ya masini, kwani mara nyingi haikuji na mfumo:

```
sudo apt install at
systemctl is-active atd
```

Amri ya pili inapashwa kujibu `active`. `atd` njo mlinzi anayekaa macho akingojea saa. Bila yeye, kazi itaandikwa lakini haitafanyika. Kisha munaandika ukaguzi wenyewe katika faili `kagua.sh`:

```
#!/bin/sh
F=/home/labo/joto.csv
R=/home/labo/ripoti.txt
SASA=$(wc -l < $F)
{
date
uptime
echo "Mistari mipya: $((SASA - MWANZO))"
echo "Mistari ya 85:"
tail -n +$((MWANZO + 1)) $F | grep -c ',85'
tail -n 1 $F
} >> $R
```

Na munaipangia saa:

```
export MWANZO=$(wc -l < /home/labo/joto.csv)
at -f /home/labo/kagua.sh now + 48 hours
```

Masini inajibu kwa mustari kama huu: `job 7 at Thu Sep  4 14:00:00 2025`. Musome vizuri, kwani hapo njo kosa linaonekana mapema. Kuona kazi zinazongojea ni `atq`. Kuondoa ile ya namba 7 ni `atrm 7`. Kusoma yaliyo ndani yake ni `at -c 7`.

Kuna mambo mawili ya kueleza katika ile skripti. La kwanza ni `MWANZO`. `at` inapopokea kazi, inachukua pamoja nayo karibu kila kitu kilichokuwa kimewekwa katika mazingira ya wakati ule: folda mulimokuwa, na vigezo kama hiki. Kwa hiyo Alhamisi itakumbuka faili ilikuwa na mistari mingapi Jumanne. `cron` haikumbuki kitu cha namna hii. Inaanza kila mara na mazingira yake karibu matupu.

La pili ni ile 85. Kipima joto tunachotumia, DS18B20, kikipata kuran lakini hakijamaliza kupima, kinatoa nyuzi 85, namba yake ya kuanzia. Waya ukilegea, faili inaweza kuendelea kukua vizuri kabisa huku ndani mukiwa 85 hapa na pale. Kwa hiyo kuhesabu mistari peke yake hakutoshi. Faili inayokua inaonyesha kwamba masini iko nzima. Haionyeshi kwamba waya uko muzima.

Munaona pia kwamba kila kitu kinaandikwa katika `ripoti.txt`. Bila hivyo, `at` inajaribu kutuma jibu kwa barua ya ndani ya masini, na kama hakuna posta ya ndani iliyowekwa, jibu linapotea. Ukaguzi utakuwa umefanyika na hakuna atakayejua.

Sasa kuran. Munajua kwetu: inaenda, inarudi. Tuseme Jumatano imekatika saa kumi na mbili na dakika 20 asubuhi, ikarudi saa tano kasoro dakika kumi. Ni masaa manne na nusu, yaani mistari 27. Alhamisi saa nane, ripoti inasema mistari mipya 261, mistari ya 85 ni 0, na `uptime` inasema masini iko macho tangu siku 1 na masaa 3 na dakika 10. 288 kutoa 261 ni 27. Hesabu inafungana: waya uko muzima, ni kuran tu ilikatika. Jaribio linaendelea, na lile pengo linaandikwa katika kaye ya labo.

Na kama kuran ingekatika Alhamisi saa nane kamili? `cron` ingekosa saa yake na kunyamaza. `at` inaandika kazi yake katika diski, na `atd` ikiamka inafanya kazi zote ambazo saa yao ilisha pita. Ripoti itachelewa, lakini itakuja, na `uptime` itaonyesha kwamba masini imetoka kuamka. Kwa sababu hii huku kwetu napenda `at` kuliko ndugu yake `systemd-run --on-active=48h`. Ile pia ni saa ya mara moja, na inafaa kwa kungojea dakika 20, lakini masini ikizimika, inasahauliwa kabisa.

Pako mtego mumoja ambao `at` haiwezi kuuponya. Hivi vimasini, kabla ya Raspberry Pi 5, haviko na saa yenye batri. Vikizimika, saa inasimama. Vikiamka bila enternet, vinaendelea karibu pale vilipoachia. Rudilieni mfano wetu bila saa yenye batri: lile pengo la masaa manne na nusu halionekani popote. `at` itangoja mpaka saa ya masini ifike nane, kumbe ya kweli ni saa kumi na mbili na nusu jioni, na ripoti itasema karibu mistari 288. Itaonekana safi na itakuwa ya uongo. Dawa ni kuweka kidude cha saa chenye batri, kama DS3231 (hata Raspberry Pi 5 inaomba iongezewe batri yake). Na kila mara kuran ikirudi, linganisheni `date` na saa ya telefone.

Tena muangalie saa za Kiswahili. Masini inahesabu tangu usiku wa manane. Mtu akiandika `at 8:00` akifikiri saa nane mchana, masini inaelewa saa mbili asubuhi. Na kama saa mbili ilisha pita, inaipeleka kesho bila kuuliza. Saa nane mchana ni `14:00`.

Basi tutachaguaje? Mimi naangalia kama swali liko na mwisho. «Joto ni ngapi sasa?» halina mwisho, liende `cron`. «Kunakili faili kila jioni» vilevile. «Je, waya huu umeshika masaa 48?» likijibiwa limekufa, liende `at`. Mukiona ukaguzi wenu wa `at` unajipangia mwingine, na ule mwingine tena, mujue hiyo ilikuwa kazi ya `cron` tangu mwanzo, na sasa ni munyororo: pete moja ikikatika, zote zinaisha kimya.

Kitu cha mwisho ni kaye. Ukaguzi wa mara moja haulii ukikosekana. Kwa hiyo Jumanne ileile, andikeni kwa bic: «Alhamisi 4/9, saa 14:00, kusoma ripoti.txt, tunangojea 288.» Siku ile mutu akifungua faili na kukuta hakuna kitu, afanye `atq`. Kama namba 7 bado iko pale, `atd` haifanyi kazi ao saa ya masini iko nyuma. Kama haiko, ilipita ikashindwa kuandika, na mahali pa kutafuta ni ndani ya `kagua.sh`.